Sanduku halikutokea kwenye mkanda: mwongozo kamili wa kulidai shirika la ndege

Mkanda wa mizigo umesimama, wenzako wameshatoka nje kuitafuta teksi, na sanduku lako halipo. Barua ya malalamiko utaiandika wiki tatu baadaye, lakini nguvu yake inatokana na utakachofanya kabla ya kutoka ndani ya ukumbi huo. Kwa hiyo tunaanzia hapo, Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Dada mmoja wa Kisauni amekwenda umra. Tiketi yake ni moja, ya kwenda na kurudi: Mombasa hadi Jeddah na kurudi Mombasa, kwa kubadilisha ndege njiani. Alipeana masanduku mawili Jeddah. Siku ya Jumatano tarehe 4 Februari 2026 ametua Mombasa na sanduku moja tu. Lililokosekana lilipimwa kilo 23.

Usitoke bila karatasi

Nenda kaunta ya mizigo ya shirika lililokuleta Mombasa. Kama ulisafiri na mashirika mawili kwa tiketi moja, ripoti kwa lile la mwisho, hata kama una hakika kwamba mzigo ulipotezwa na lile la kwanza. Mizigo mingi hupotelea pale inapohamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine, na hilo si kazi yako kulithibitisha. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unakuruhusu kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa na mzigo ulipopotea. Yule wa kaunta akikuambia "hilo kawaulize wale wengine", mwambie kwa upole kwamba wewe unaripoti hapa, wao watatafutana wenyewe.

Unachotaka kutoka kaunta ni ripoti ya mzigo uliokosekana, ambayo wafanyakazi wa viwanja vya ndege huiita PIR. Juu yake kuna namba ya faili yenye herufi na tarakimu kumi. Tatu za mwanzo ni uwanja uliporipoti, mbili zinazofuata ni shirika, na tano za mwisho ni namba ya kesi yako. Ya dada yetu tuseme inasomeka hivi, na XX imekaa mahali pa herufi za shirika:

```
MBAXX10427
```

Kwa namba hiyo na jina lako la ukoo unaweza kufuatilia msako kwenye WorldTracer, mfumo ambao mashirika mengi ya ndege huutumia kusaka mizigo. Bila namba hiyo, kila utakayempigia simu ataanza upya kukuuliza ulisafiri lini.

Namba ya pili unayoihitaji ni ya lebo ya mzigo, ile karatasi ya kunata uliyopewa ulipopeana sanduku, ambayo mara nyingi hubandikwa nyuma ya kadi ya kupandia ndege. Ukiwa na masanduku mawili utakuwa na lebo mbili, na hapo ndipo watu huchanganya. Soma namba ya lile lililofika, ile itakayobaki ndiyo ya lililopotea. Kwa dada yetu imebaki XX431275. Hakikisha hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye ripoti. Ikiandikwa ile nyingine, mfumo utaonyesha kwamba sanduku limeshafika Mombasa, na faili linaweza kufungwa huku wewe uko nyumbani unasubiri.

Ataulizwa pia rangi na aina ya sanduku, naye ataonyeshwa karatasi yenye picha achague. Hapo asiishie kwenye "jeusi lenye magurudumu", maana masanduku ya namna hiyo yamejaa kila uwanja. La maana zaidi ni kilichomo ndani. Lebo ikichanika njiani, sanduku halina jina tena. Hufunguliwa, na vitu vya ndani hulinganishwa na ripoti za abiria. "Nguo za kike" haisaidii kitu. "Mswala wa kijani wenye nyuzi za dhahabu, umekunjwa juu kabisa" ndiyo maelezo yatakayomfanya mtu aliye ghalani asimame.

Kabla ya kuondoka, piga picha ripoti, lebo na kadi ya kupandia ndege. Karatasi zenyewe zibaki kwako. Ukiombwa lebo ya asili, toa nakala.

Umekawia au umepotea?

Hapa ndipo barua nyingi huharibikia. Mtu anaandika siku ya nne, kwa hasira, akidai alipwe thamani ya kila kitu kilichokuwa ndani. Jibu analopata ni kwamba mzigo bado unasakwa, na barua yake inawekwa kando.

Kwa sheria, mzigo usiofika leo ni mzigo uliokawia. Unageuka kuwa uliopotea kwa njia mbili: shirika likiri lenyewe kwamba umepotea, au siku 21 zipite tangu siku uliyopaswa kufika. Siku hizo ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Kwa dada yetu siku 21 zinaisha tarehe 25 Februari, kwa hiyo kuanzia tarehe 26 anaweza kudai thamani ya sanduku na vilivyomo.

Katika siku hizo za kusubiri hakai bure. Anaweza kununua vitu vya lazima alivyovikosa kwa sababu ya sanduku, kisha akavidai. Tahadhari ni kwamba amerudi nyumbani kwake. Mtu aliyekwama mji wa ugenini bila nguo hahojiwi sana, lakini wa Kisauni ataulizwa kama hana nguo nyingine kabatini. Kwa hiyo anunue kile tu anachoweza kukieleza kwa sentensi moja. Yeye alikuwa amesafiri na viatu vyake vya kazini na buibui mbili za kazini, akanunua vingine kwa shilingi 7,400 na kuchukua risiti. Zaidi ya hapo angekuwa anajitafutia mabishano.

Siku hizohizo ndizo za kukusanya ushahidi. Risiti za Jeddah ni bora kuliko zote. Zikikosekana, kuna taarifa ya benki au ya kadi, kuna ujumbe wa M-Pesa kwa vile ulivyonunulia huku, kuna picha. Wengi hupigana picha wakipanga masanduku bila kujua kwamba wanatengeneza ushahidi. Kama hakuna lolote, wakili anaweza kukuandalia hati ya kiapo yenye orodha ya vitu, ingawa yenyewe peke yake ina uzito mdogo kuliko risiti moja iliyokunjamana.

Kiwango cha juu, na yale mahesabu ya kilo

Mkataba wa Montreal umeweka kikomo cha fidia ya mzigo kwa kila abiria. Kinahesabiwa kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachoandikwa SDR. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519; kabla ya hapo kilikuwa 1,288, na bado utakikuta kwenye karatasi za zamani. Kwa dola ni kama 2,000, yaani kwa shilingi ni robo milioni na ushei. Angalia thamani ya SDR ya siku unayoandika.

Kikomo hicho ni kwa abiria, si kwa sanduku, na wala si malipo ya moja kwa moja. Aliyepoteza vitu vya shilingi elfu themanini hudai elfu themanini. Aliyebeba vitu vya thamani kubwa zaidi alipaswa kutangaza thamani hiyo wakati wa kupeana mzigo na kulipa ada ya ziada kama ingehitajika. Baada ya mzigo kupotea, mlango huo umefungwa.

Sasa la kilo. Wapo abiria wanaoandikiwa kwamba fidia ni dola 20 kwa kila kilo. Hesabu hiyo ilizaliwa na Mkataba wa Warsaw wa 1929, uliotangulia ule wa Montreal. Bado inatumika kwa safari chache zisizoingia chini ya Montreal, na ndiyo sababu inaonekana halali ukiisoma. Kwa dada yetu ingekuwa kilo 23 mara dola 20, yaani dola 460, kama shilingi 59,000. Jibu lake ni tiketi yake. Safari iliyoanzia Mombasa na kuishia Mombasa kwa tiketi ya kwenda na kurudi, yenye kituo katika nchi nyingine, ni safari ya kimataifa chini ya Montreal kwa sababu Kenya ni mwanachama, na nchi ya katikati iwe imetia saini au haikutia. Kwa tiketi ya kwenda tu, nchi zote mbili, ya kuondokea na ya kufikia, ni lazima ziwe wanachama.

Safari ya ndani tupu, kama Mombasa hadi Kisumu, iko mbali na haya yote. Huko utasoma masharti ya tiketi. Ila kama kipande cha Nairobi hadi Mombasa kilikuwa ndani ya tiketi moja na safari ya kutoka ng'ambo, nacho ni sehemu ya safari ya kimataifa.

Orodha ya vitu

Anayeamua dai lako yuko ofisi ya mbali, na kitu atakachokitazama kuliko aya zako zote ni orodha. Ataijumlisha mwenyewe, na pengine ataupima uzito wake kichwani: ukiorodhesha vitu ambavyo havingeweza kuingia kwenye sanduku la kilo 23, hata vile vya kweli vitatiliwa shaka.

Andika kitu, kilinunuliwa lini na wapi, bei yake, ushahidi wake, na kiasi unachodai. Bei na kiasi unachodai havilingani kwa vitu vilivyotumika. Nguo ya miaka miwili haidaiwi kwa bei ya dukani. Punguza mwenyewe kabla hawajapunguza wao, maana wao watapunguza orodha nzima kwa asilimia moja, pamoja na vitu vipya.

Vitu vipya vya Jeddah dada yetu amevigeuza kutoka riyali kwa shilingi 34.4, thamani aliyoiandika wazi chini ya orodha. Imetoka hivi:

Kundi A, sanduku na vilivyomo:
1. Sanduku jeusi la magurudumu manne, Mombasa 2024, shilingi 9,500, picha: anadai 6,500.
2. Abaya tatu mpya, Jeddah Januari 2026, riyali 540, risiti: 18,500.
3. Udi na manukato, Jeddah Januari 2026, riyali 420, risiti: 14,400.
4. Tende kilo 6, Jeddah Februari 2026, riyali 180, risiti: 6,200.
5. Miswala minne, Jeddah Januari 2026, riyali 160, picha: 5,500.
6. Nguo zake, zikiwemo buibui mbili za kazini, Mombasa 2023 hadi 2025, shilingi 31,000, picha na M-Pesa: 19,000.
7. Viatu jozi mbili, Mombasa 2025, shilingi 8,000, M-Pesa: 5,000.
Jumla ya kundi A: 75,100.

Kundi B: simu mpya ya zawadi, risiti: 24,000.

Kundi C: vitu vya lazima vilivyonunuliwa wakati wa kusubiri, risiti: 7,400.

Jumla yote: shilingi 106,500.

Simu imewekwa peke yake kwa makusudi. Masharti ya mashirika mengi yanasema hayawajibiki kwa simu, kompyuta, dhahabu na pesa taslimu zilizowekwa kwenye mzigo uliopeanwa. Upande wako una hoja, kwa kuwa Mkataba wa Montreal unabatilisha sharti lolote la kumwondolea msafirishaji wajibu anaobebeshwa na mkataba wenyewe. Lakini nao wanaweza kusema kwamba uzembe wako ulichangia hasara. Ni mjadala, na hutaki mjadala wa simu uzuie malipo ya nguo. Dhahabu, kama ungeniuliza kabla ya safari, ningekuambia uivae.

Tazama pia viatu na buibui za kazini: vimo kundi A kama vitu vilivyopotea, na vilivyonunuliwa badala yake vimo kundi C. Afisa makini ataona kwamba kitu kimoja kimedaiwa mara mbili. Kutetea kundi C lote hapa ni kazi ngumu, na dada yetu akiamua kupatana, hilo ndilo aliachie kwanza.

Barua yenyewe

Iandike kwa lugha ambayo shirika linaitumia kwenye tiketi na barua pepe zake, la sivyo itazungushwa kutoka dawati hadi dawati. Hapa ipo kwa Kiswahili chenye sentensi fupi, ili ukiihamisha kwenda lugha nyingine namba na tarehe zibaki zilivyo. Hadithi ya ulivyosumbuliwa kwenye simu iache nje. Inastahili kusemwa, lakini ikiwa ndani ya barua hii afisa atajibu hiyo kwa pole nyingi na kuruka pesa.

Mombasa, 26 Februari 2026

Kwa Meneja,
Kitengo cha Madai ya Mizigo.

Bwana/Bibi,

MINT: DAI LA MZIGO ULIOPOTEA, FAILI MBAXX10427, LEBO XX431275

Nilisafiri na shirika lenu kutoka Jeddah hadi Mombasa nikafika tarehe 4 Februari 2026, kwa tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Mombasa. Namba ya tiketi na ya safari za ndege zimo kwenye nakala nilizoambatisha.

Nilipeana masanduku mawili. Moja, lenye lebo iliyotajwa hapo juu na uzito wa kilo 23, halikufika. Niliripoti siku hiyohiyo kabla ya kutoka uwanjani.

Siku 21 zimepita na sanduku halijaletwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 17 cha Mkataba wa Montreal wa 1999, ninadai fidia ya mzigo uliopotea, shilingi za Kenya 106,500, kama ilivyo kwenye orodha. Kiasi hicho kiko chini ya kikomo cha SDR 1,519 cha kifungu cha 22. Hesabu ya fidia kwa kilo haihusu safari hii.

Kama kuna kitu kwenye orodha mnachokikataa, naomba mkitaje kwa namba yake na sababu, na mlipe vilivyobaki bila kusubiri.

Naomba jibu la maandishi na malipo ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua hii. Msipojibu nitawasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya na kufungua dai mahakamani.

Nimeambatisha nakala za ripoti ya mzigo, lebo, kadi ya kupandia ndege, tiketi, pasipoti, orodha ya vitu pamoja na risiti na picha, na maelezo ya akaunti ya benki.

Wako mwaminifu,
(jina kama lilivyo kwenye tiketi, sahihi, simu, barua pepe)

Itume kwa barua pepe na pia kupitia fomu ya madai kwenye tovuti ya shirika, kisha uhifadhi picha ya skrini inayoonyesha kwamba imepokelewa. Kama shirika lina ofisi mjini, peleka nakala ukagongewe muhuri wa tarehe kwenye ile utakayobaki nayo.

Wakijibu, wasipojibu

Jibu la kawaida ni kiasi pungufu kikiambatana na fomu ya kutia sahihi. Soma mstari unaosema malipo ni kamili na ya mwisho. Ukiutia sahihi, umeyamaliza. Jibu kwamba unapokea kiasi hicho kama sehemu ya malipo, kisha taja namba za vitu vilivyoachwa. Ukipewa vocha ya safari badala ya pesa, una haki ya kuikataa.

Siku 30 zikipita kimya, lalamiko la Mamlaka linaweza kulichokoa shirika, lakini mwenye uwezo wa kuamuru ulipwe ni hakimu. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Mkataba unakuruhusu kushtaki, miongoni mwa mahali pengine, katika nchi ya mwisho wa safari. Kwa tiketi ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari ni pale ulipoanzia. Dada yetu anaweza kushtaki Kenya. Lakini shemeji yake anayeishi Jeddah, aliyekuja Mombasa kusalimia kwa tiketi ya Jeddah hadi Jeddah, hawezi kuitegemea njia hiyo hata kama sanduku lake lilipotea Mombasa. Muda wa kushtaki ni miaka miwili tangu siku ya kufika: kwa mfano wetu, hadi tarehe 4 Februari 2028. Mazungumzo ya barua pepe hayausimamishi.

Na likitokea sanduku baada ya barua kwenda? Hutokea, hasa lebo ikiwa ilichanika. Lipokee, lakini lifungue mbele ya aliyelileta na upige picha za kufuli na vilivyomo. Vilivyovunjika una siku saba tangu kulipokea kulalamika kwa maandishi, na kwa hasara ya kucheleweshwa una siku 21. Andika barua fupi kwa faili lilelile: ondoa kundi A na B, bakiza C, ongeza kilichoharibika. Zile kilo sita za tende, kama zimekaa wiki tano kwenye ghala la joto, huenda zikawa zimechacha, nazo zinaandikwa humo.